Uhandisi wa kijamii ndani ya meseji ya "ile hela"

Mwandishi wa kipindi cha televisheni anayetaka kuwaonya watazamaji kuhusu matapeli wa simu hukutana mapema na istilahi ya wataalamu wa usalama wa mitandao: uhandisi wa kijamii. Maana yake ni kumwendesha mtu kwa maneno mpaka afanye, kwa mkono wake mwenyewe, jambo ambalo mwizi asingeliweza kwa kuvunja mfumo. Istilahi hii ina kasoro kwa mtazamaji wa kawaida. Akisikia "uhandisi" huwaza barabara na madaraja, na "kijamii" humpeleka kwenye shughuli za ujirani. "Utapeli" analielewa mara moja, ila ni neno pana mno, kwa kuwa hata anayeuza kiwanja kisicho chake ni tapeli. Afadhali mwandishi abaki na "utapeli wa meseji", kisha maana yote ya uhandisi huo aionyeshe kwa kuweka kwenye skrini meseji moja ambayo Watanzania wengi wenye simu wameshaipata:

"Ile hela nitumie kwenye namba hii ya Airtel, jina litakuja MWAJUMA. Laini yangu ile nyingine ina shida."

Meseji hii haina jina la anayeandikiwa wala la anayeandika, na haitaji kiasi. Mtu anaweza kudhani ni uzembe, kumbe ndiyo nguvu yake. Tapeli hamjui anayemwandikia. Anasambaza maneno yaleyale kwa namba nyingi, akijua kwamba kati ya wapokeaji hao wapo wanaodaiwa kodi ya nyumba, ada ya mtoto, mchango wa harusi au pesa ya fundi. Kazi ya kujaza mapengo anamwachia msomaji.

Neno linalofanya kazi hiyo ni "ile". Katika Kiswahili, "ile hela" ni hela ambayo wote wawili wanaijua na wameshaizungumzia. Asiyedaiwa atashangaa na kuifuta. Anayedaiwa hatajiuliza ni hela gani, maana anayo moja kichwani tayari, na papo hapo meseji inakuwa imetoka kwa mtu anayemfahamu.

Kipande cha pili, "jina litakuja MWAJUMA", ni cha hila zaidi. Mifumo ya kutuma pesa huonyesha jina la mpokeaji kabla ya mtumaji kuweka namba ya siri, na hicho ndicho kituo cha mwisho cha ukaguzi. Tapeli anakizima mapema. Jina geni lingemshtua mtumaji, lakini sasa linageuka kuwa uthibitisho, kwa sababu aliambiwa litakuja na limekuja kweli. Laini hiyo huenda ilisajiliwa kwa alama za vidole za mtu mwingine kabisa, ambaye hata hajui kwamba jina lake linatumika. Ndiyo sababu inafaa kila mtu apige *106# mara kwa mara aone ni namba zipi zimesajiliwa kwa kitambulisho chake cha taifa.

Kipande cha tatu, laini yenye shida, kinamzuia mtu asipige simu kwenye namba anayoijua.

Chukua mfano wa mpangaji wa Mbagala anayedaiwa kodi ya miezi mitatu, shilingi 240,000. Meseji inamfikia mwisho wa mwezi, akiwa kwenye daladala. Mwenye nyumba wake ni mzee ambaye aliwahi kupokea kodi kupitia simu ya mkewe, kwa hiyo jina la Mwajuma halimsumbui. Anapiga *150*00#, anachagua kutuma pesa kwenda mtandao mwingine, anaandika namba na kiasi. Jina linatokea, anaweka namba ya siri. Kwa upande wa mfumo hakuna kilichoharibika: mwenye akaunti ametuma kwa hiari, kwa namba yake ya siri, kwenye namba iliyosajiliwa. Hakuna kengele ya kulia. Mzee anapokuja kudai jioni, pesa inaweza kuwa imeshatolewa kwa wakala au kugawanywa kwenye laini nyingine, na pesa taslimu haiwezi kuzuiwa kwenye akaunti.

Watazamaji wengi wamefundishwa kutafuta makosa ya tahajia au lugha mbovu. Kwa meseji hii ushauri huo hausaidii sana. Wenye nyumba halisi huandika hivihivi, wakwe na mafundi vilevile, na kuna siku laini ya mtu huwa na shida kweli. Kuisoma meseji mara tatu hakuwezi kumwambia mpokeaji kama ni ya kweli. Kitakachomwambia ni kumpigia mdai wake kwa namba aliyokuwa nayo kabla ya meseji kuingia, na kuisikia sauti yake. Namba iliyoandika meseji haifai kwa ukaguzi huo, na ile ya kupokelea pesa haifai pia. Simu isipopatikana, malipo yasubiri. Kodi iliyochelewa siku moja inazungumzika.

Kosa moja hufanywa na watu waangalifu: kuijibu meseji. Mpokeaji anaandika, "Ni wewe baba mwenye nyumba?" Hapo amempa tapeli kila kitu alichokosa. Sasa anajua namba inatumika, anajua anayedaiwa ni mpangaji, na anajua sauti ya kuigiza akipiga simu. Ni heri meseji hiyo isijibiwe hata kwa matusi, ila namba iliyoituma iripotiwe kwa 15040, namba iliyotengwa nchini Tanzania kwa taarifa za utapeli wa simu.

Kenya wanaifahamu zaidi hila nyingine ya ukoo huohuo. Meseji ya kughushi inadai kwamba pesa imeingia M-Pesa, kisha mtu anapiga akilia kuwa amekosea namba na anaomba arudishiwe. Anayerudisha anatoa fedha zake mwenyewe. Huko dawa ni kutazama salio kwenye mfumo badala ya kuamini meseji, na aliyekosea kweli anaelekezwa kwenye utaratibu wa Safaricom, yaani aitume meseji yake ya muamala kwenda 456.

Kwa aliyekwisha kutuma, dakika ndizo zinazohesabika. Apige 100, huduma kwa wateja ya mtandao wake, akiwa na namba ya kumbukumbu ya muamala iliyo kwenye meseji ya uthibitisho, aombe muamala uzuiwe. Kama salio bado liko kwenye akaunti ya mpokeaji, kuna kitu cha kushika. Likiwa limetolewa, kinachobaki ni polisi. Achukue RB na asifute meseji yoyote, kwa kuwa hizo ndizo ushahidi chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Ajihadhari pia na atakayempigia kwa namba ya kawaida akijitambulisha kama mhudumu wa mtandao na kumtaka namba ya siri ili "airudishe" pesa. Mhudumu wa kweli hahitaji namba ya siri ya mteja kwa kazi yoyote.

Yapo pia makubaliano yanayoweza kufanyika kabla meseji haijafika. Mkataba wa upangaji uandikwe namba ya kulipia na jina litakalotokea, pamoja na sharti kwamba namba hiyo itabadilishwa kwa kuonana uso kwa uso tu. Mweka hazina wa kamati ya harusi anaweza kufanya vivyo hivyo siku ya kikao cha kwanza, wachangiaji wakiwa wote wamekaa.