UZI: Neno "pekee" na dereva aliyefungiwa akaunti

1/ Kila msimu wa siasa ukifika, madereva wa teksi za apu na vijana wa boda wanaopeleka oda hukumbukwa ghafla. Ahadi huwa ni mbili: komisheni itashuka, na kazi zitaongezeka. Kuna swali la tatu ambalo halisikiki sana jukwaani: apu ikikufungia akaunti au ikikukata hela, unamlalamikia nani? Wacha niwape historia ya swali hilo. Karibu yote inazunguka neno moja la sheria, "pekee".

2/ Kwanza, kazi yenyewe inavyosimamiwa. Hakuna msimamizi wa kukuita ofisini. Kuna algoriti, yaani hesabu ambazo kompyuta imeagizwa kuzifuata. Ndiyo inayochagua nani apewe safari na kwa bei gani, na ikiona mwenendo unaofanana na ulaghai, inapiga kengele. Inaangalia mambo kama nyota za wateja, safari ulizoghairi na mahali simu yako ilipokuwa. Wewe unaona matokeo tu.

3/ "Si tuna kikomo cha komisheni?" Ndiyo, kanuni za uchukuzi za 2022 hapa Kenya ziliweka asilimia 18. Lakini fanya hesabu. Safari ikiwa shilingi 500, komisheni ni 90, dereva anabaki na 410. Apu ikishusha bei ya safari hiyo hiyo hadi 350, komisheni ni 63, dereva anabaki na 287. Amepoteza shilingi 123 na hakuna aliyevunja kikomo. Asilimia inapimwa juu ya bei, na bei inapangwa na mashine. Kwa hivyo anayetaka kujua malipo yake yanatoka wapi lazima aiulize hiyo mashine.

4/ Haki ya kuiuliza ilianzia wapi? Turudi Ufaransa, 1974. Serikali ya huko ilikuwa na mpango wa kuunganisha mafaili ya wananchi kwa kompyuta, kila mtu kwa namba yake. Mpango wenyewe uliitwa SAFARI. Ndiyo, neno letu kabisa, ingawa kwao lilikuwa kifupi cha maneno ya Kifaransa. Gazeti la Le Monde lilipoufichua mwezi Machi, watu walikasirika, na serikali ikaunda tume ya kutafuta namna ya kuwalinda raia.

5/ Matunda yake ni sheria ya tarehe 6 Januari 1978. Ilisema mambo mawili ninayotaka myashike. La kwanza: mtu ana haki ya kujua na kupinga taarifa na hoja zilizotumiwa na kompyuta katika uamuzi unaomhusu. Sikiliza vizuri: taarifa NA hoja. La pili: uamuzi wa serikali au wa kampuni unaopima tabia ya mtu usitegemee kompyuta peke yake. Hapo ndipo neno letu lilipoingilia mlangoni.

6/ Neno hilo likasafiri. Ulaya ililiweka katika agizo lake la 1995, kisha katika sheria ya data iliyoanza kutumika 2018. Kenya tukalipokea katika Sheria ya Kulinda Data ya 2019, kifungu cha 35: una haki ya kutowekwa chini ya uamuzi uliotokana na mashine pekee, kama uamuzi huo unakuathiri kisheria au kwa uzito. Linasikika tamu. Shida ni kwamba kampuni ikionyesha binadamu mmoja aliyebonyeza kitufe, inaweza kusema, "Haikuwa mashine pekee."

7/ Kabla sijafika huko, pitieni kwanza Bologna, Italia. Waendesha baiskeli wa Deliveroo walikuwa wakichagua zamu za wiki kupitia mfumo ulioitwa Frank. Wenye alama za juu walifunguliwa dirisha la kuchagua saa tano asubuhi, wanaofuata saa tisa, waliobaki saa kumi na moja jioni. Kufika saa kumi na moja, zamu nzuri zilikuwa zimeisha. Alama zilitokana na kutimiza zamu ulizochukua na kujitokeza saa za shughuli nyingi za wikendi.

8/ Sasa angalia penye kasoro. Ukighairi zamu ikiwa imebaki chini ya saa 24, alama zinashuka. Sababu haiulizwi. Aliyelala akapitiwa na usingizi, aliyeugua na aliyegoma wote wanahesabiwa sawa. Vyama vya wafanyakazi vilienda kortini, na tarehe 31 Desemba 2020 mahakama ya Bologna ikaamua kwamba upofu huo wenyewe ni ubaguzi, kwa sababu unamwadhibu mtu kwa kutumia haki yake ya kugoma au kwa kuugua. Deliveroo iliamriwa kulipa yuro 50,000, ingawa ilikuwa tayari imeuacha mfumo huo.

9/ Nimeanza na Frank kwa sababu anaonyesha kitu ambacho nyota na alama huficha. Namba inaweza kuwa sahihi kabisa na bado iwe dhuluma. Ulighairi? Ni kweli, ulighairi. Ukiruhusiwa kupinga taarifa tu, umeshindwa. Ukiruhusiwa kupinga hoja, unaweza kuuliza kwa nini ugonjwa umehesabiwa kama uzembe. Wafaransa wa 1978 walikuwa wameliona hilo.

10/ Haya, twende Amsterdam. Madereva kadhaa, wengi wao wa Uingereza, walifungiwa akaunti na Uber kwa tuhuma za ulaghai. Walipata ujumbe wa jumla, kwamba wametumia apu isivyofaa, bila kuelezwa ni safari ipi wala siku gani. Walishtaki Uholanzi kwa sababu kampuni inayoshika data yao iko huko. Dai lao lilikuwa rahisi: tumefutwa na mashine, tuelezwe sababu.

11/ Tarehe 11 Machi 2021 wakashindwa katika hoja hiyo. Uber ilisema mashine hupiga kengele tu, kisha kikosi cha wafanyakazi mjini Krakow, Polandi, hukagua, na lazima wawili wakubaliane kabla ya mtu kufungiwa. Mahakama ikakubali: kuna binadamu, basi si mashine pekee. Siku hiyo hiyo, katika kesi ya kampuni nyingine ya teksi, Ola, mahakama ilisema makato ya malipo kwa safari zilizoonekana batili yaliamuliwa na mashine bila mtu kuingilia, na kwamba Ola ilipaswa kueleza. Kwa hivyo aliyekatwa hela alipata haki ya maelezo, na aliyepoteza kazi nzima akakosa.

12/ Madereva wakakata rufaa. Tarehe 4 Aprili 2023 mahakama ya rufaa ikauliza maswali ambayo ya kwanza haikuyauliza sana. Hao wa Krakow wana ujuzi gani? Walizungumza na dereva kabla ya kuamua? Waliongeza nini ambacho mashine haikuwa imesema? Kwa baadhi ya madereva, Uber haikuwa na jibu la kutosha. Mahakama ikasema mchango wa binadamu katika maamuzi hayo haukupita sana tendo la ishara tu. Ilisema pia kwamba mifumo ya kugawa safari na kupanga bei ni maamuzi ya mashine ambayo dereva anastahili kuelezwa.

13/ Hata hapo haikuisha. Maelezo hayakutolewa kama ilivyoamriwa, na mwezi Oktoba 2023 mahakama ikasema Uber inadaiwa faini ya yuro 584,000 kuhusiana na madereva wawili. Hesabu miaka: kesi ya mwaka 2021 bado inapiganwa mwishoni mwa 2023, na hapo mtu anadai tu aambiwe kosa lake ni lipi. Dereva mwenye mkopo wa gari hawezi kungoja hivyo.

14/ Hapa nyumbani je? Niliwahi kumsaidia binamu yangu kuandika barua baada ya nduthi yake kukaa bila oda wiki mbili. Kampuni siitaji. Jibu lilikuja kwa sentensi moja: timu yetu imekagua akaunti yako na uamuzi ni wa mwisho. Ukisoma hilo jibu baada ya kusoma kesi ya Amsterdam, unaona linafanya kazi gani. Neno "timu" liko pale kukuambia kwamba kulikuwa na binadamu.

15/ Lakini kifungu cha 35 kina meno kidogo, mkijua pa kushika. Kama uamuzi ni wa mashine pekee, kampuni lazima ikuarifu kwa maandishi. Ukishaarifiwa, unaweza kudai ufikiriwe upya au ufanywe uamuzi mwingine usiotegemea mashine pekee, nao wakujibu kwa maandishi hatua walizochukua na matokeo. Kando na hayo, una haki ya kuomba data yako, na kanuni za 2021 zinawapa siku saba. Ukipuuzwa, unapeleka malalamiko kwa Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data, ambayo sheria inaipa siku 90 kuyamaliza.

16/ Ushauri wangu kwa anayeandika: anza na kuomba data. Taja tarehe na saa ya oda zenyewe. Uliza nani alikagua, aliona nini, na ana uwezo wa kubatilisha uamuzi. Jibu likiwa "timu" bila maelezo, hilo lenyewe ni ushahidi wa aina ile iliyopimwa Amsterdam. Hukumu ya Uholanzi haifungi mahakama zetu, lakini maneno ya sheria yanafanana, na wakili anaweza kuitumia kama mfano.

17/ Mapungufu yapo. Kifungu chetu kinaruhusu uamuzi wa mashine kama unahitajika kutekeleza mkataba au kama ulikubali. Na nani hajabonyeza "Nakubali" siku ya kujisajili? Haki ya kuomba ufikiriwe upya inabaki, lakini mlango umeshafunguliwa upana.

18/ Ulaya yenyewe imeona neno "pekee" linavuja. Agizo lake la 2024 kuhusu kazi za apu, ambalo nchi wanachama zina hadi tarehe 2 Desemba 2026 kulitia katika sheria zao, linagusa maamuzi yaliyofanywa AU kusaidiwa na mashine. Kusimamisha au kufunga akaunti lazima kuamuliwe na binadamu. Sababu ziandikwe. Mfanyakazi akiomba mapitio, ajibiwe ndani ya wiki mbili.

19/ Kwa hivyo mgombea akija kituo chenu cha boda na ahadi ya komisheni, msikilizeni, kisha mumuulize matatu. Je, atabadilisha neno "pekee" katika kifungu cha 35? Je, kampuni italazimika kueleza hoja za bei na alama, au tarakimu tu? Na akaunti ikifungwa kabla ya uchunguzi, dereva atakula nini kwa zile siku 90? Mkipata jibu la swali la tatu popote, niandikieni hapa chini. Mimi bado sijalisikia.