Kuponi ya hatifungani imeingia pungufu? Fanya hesabu hii kabla ya kulalamika

Simu imelia, meseji ya benki inasema riba ya hatifungani yako imeingia. Unaangalia kiasi, unaona kama umepunjwa. Mara nyingi hujapunjwa, ila umepigia hesabu namba isiyo sahihi.

Chukua mfano wa mstaafu wa Dodoma aliyenunua kwenye mnada hatifungani ya miaka 20 yenye riba ya asilimia 15.49 kwa mwaka. Thamani ya hatifungani ni shilingi 10,000,000. Siku hiyo watu waliigombania, bei ikafika 104.50 kwa kila 100, hivyo mfukoni ilimtoka 10,450,000. Riba haihesabiwi kwa hela iliyomtoka. Inahesabiwa kwa ile 10,000,000. Asilimia 15.49 yake ni 1,549,000 kwa mwaka, na kwa kuwa inalipwa mara mbili, kila miezi 6 anapata 774,500. Akipigia 10,450,000 atategemea 809,352, halafu atadhani kuna mtu kamla zaidi ya elfu 34.

Kwa hiyo karatasi ya kushika ni ile taarifa ya matokeo uliyopewa na wakala wako, yaani benki au dalali wa soko la hisa, baada ya mnada. Angalia vitu vinne: thamani uliyopata, bei, kiwango cha riba na tarehe hatifungani ilipotolewa. Thamani uliyopata inaweza kuwa ndogo kuliko uliyoomba, maana kwenye mnada si kila ombi linakubaliwa lote. Tarehe ndiyo inayokuonyesha miezi ya kuponi. Siku ya malipo ikiangukia Jumapili au sikukuu, subiri siku ya kazi inayofuata ndipo uanze kuuliza.

Kama ulinunua kwa mtu mwingine kupitia Soko la Hisa la Dar es Salaam, kuponi ya kwanza inaweza kukushangaza kwa upande wa pili. Umeshika hatifungani miezi 2 tu, unalipwa ya miezi 6 yote. Hiyo si zawadi. Siku ya kununua ulimlipa muuzaji riba ya miezi 4 aliyokaa nayo, na sasa inakurudia.

Kodi nayo inachanganya wengi. Hatifungani ya miaka 2 hukatwa kodi ya zuio asilimia 10 kwenye riba, na dhamana za muda mfupi pia hukatwa kwenye faida. Ile ya miaka 20 ya mstaafu wetu haikatwi, ndiyo maana 774,500 inaingia kamili.

Dhamana ya muda mfupi, kwa mfano ya siku 364, haina kuponi kabisa, kwa hiyo usikae unaisubiri katikati ya mwaka. Unanunua kwa bei ya chini, unalipwa thamani kamili mwishoni. Ukinunua ya 5,000,000 kwa bei ya 94, unalipa 4,700,000. Faida ni 300,000, kodi yake 30,000, hivyo mkononi unabaki na 4,970,000. Hiyo elfu 30 ndiyo watu huiita "makato yasiyoeleweka".

Siku hatifungani inapoiva, kuponi ya mwisho na mtaji hulipwa siku moja. Mstaafu wetu atapata 10,774,500. Ile 450,000 aliyoongeza kwa sababu ya bei ya 104.50 hairudi, ilikuwa gharama ya kupata riba kubwa miaka yote hiyo. Kinyume chake, aliyenunua kwa bei ya 95 atalipwa 10,000,000 ingawa alitoa 9,500,000. Na hela hiyo haijiwekezi yenyewe. Usipoomba mnada mwingine, inakaa tu kwenye akaunti.

Na kama haijaingia kitu kabisa? Anza na akaunti yako ya benki. Ulifunga? Imelala muda mrefu bila kutumika? Ulihama benki bila kumwambia wakala? Malipo yanakwenda kwenye akaunti iliyoandikwa kwenye kumbukumbu za akaunti yako ya CDS, si kwenye ile unayoitumia sasa. Omba taarifa ya akaunti ya benki ya siku ya malipo na siku chache baada yake, maana meseji za simu hupotea.

Hela isipoonekana humo, nenda kwa wakala na namba yako ya CDS, namba ya hatifungani na hiyo taarifa ya benki. Yeye ndiye anayefuatilia Benki Kuu kwa niaba yako na kupeleka fomu ya kubadili akaunti. Kwa walioko Dodoma, ofisi ya Benki Kuu ipo Tambukareli, Barabara ya Jakaya Kikwete, lakini ukifika hapo bila kupitia kwa wakala, tegemea kuulizwa kwanza wakala wako ni nani.