Kihispania: "kujua" ziko mbili, na "kuomba" sio "kuuliza"

Mshkaji wangu mmoja anatembeza wageni kule magofu ya Kaole. Juzi kamwambia mgeni kutoka Hispania "Sé Zinga", akimaanisha naijua Zinga. Mgeni akabaki anamwangalia tu, anasubiri sentensi iishe.

Tatizo ni kwamba kujua kwetu ni neno moja, wenzetu wanayo mawili. Saber ni kuwa na habari au kuweza jambo. Conocer ni kumzoea mtu, mahali au kitu.

Kipimo ni hiki: angalia kinachofuata baada ya kujua. Kikiwa "kwamba", "kama", "wapi", "lini" au kitenzi cha ku-, tumia saber. Sé dónde está Kaole, najua Kaole iko wapi. Sé nadar, najua kuogelea. Akifuata mtu au mahali, ni conocer: Conozco Zinga. Mtu anatanguliwa na a: Conozco a tu hermano, namjua kaka yako.

Ila angalia, "naijua Zinga" na "naijua namba yake" zinafanana kwetu, lakini namba ni habari, hivyo ni Sé su número. Wimbo unakubali zote: Conozco la canción, nimeshausikia, Sé la canción, naweza kuuimba. Na ukiulizwa ¿Conoces Zanzíbar?, mara nyingi wanataka kujua kama umeshafika. Kama umeiona kwenye picha tu, usijibu sí.

Sasa pedir na preguntar. Wengine husema hizi nazo kwetu ni neno moja. Hapana! Sisi tunazo mbili: pedir ni kuomba, preguntar ni kuuliza. Wanaochanganya mara nyingi wanapitia Kiingereza, ambacho kina neno moja kwa yote. Ndo unasikia mtu mwenye kiu anasema Pregunto agua. Sahihi ni Pido agua, naomba maji.

Hata sarufi inaenda sawa na yetu. Namwomba aje: Le pido que venga. Aje na venga zote ni za kutaka jambo litendeke. Namuuliza kama anakuja: Le pregunto si viene. Kumuulizia mtu ni preguntar por. Mtego uko kwenye maneno ya mtaani kama "muulize akusaidie". Hapo unaomba msaada, kwa hiyo ni pedir. Na kumwomba Mungu ni rezar.

Tumalizie na sentensi moja: "Namjua dereva lakini sijui anaondoka saa ngapi, ngoja nimuulize." Conozco al conductor, pero no sé a qué hora sale, le voy a preguntar. Hiyo al ni a na el zimeungana.

Mwenye sentensi inayomsumbua aitupie kwenye maoni hapo chini, tuichambue. Nawakilisha.