Chumvi na Elnino

Mjomba wangu alikuwa mvuna chumvi kule Gongoni, kaskazini mwa Malindi. Mimi nilidhani kazi yenyewe ni kungoja jua tu. Kumbe!

Maji ya bahari huingizwa kwenye majaruba mapana yenye kina kifupi, ili jua na upepo viyapate vizuri. Huhamishwa jaruba hadi jaruba, yakizidi kukolea. Lita 1,000 zina chumvi ya kula kama kilo 27, lakini huioni mpaka zibaki lita 100 hivi. Hapo ndipo chembe nyeupe huanza kutua chini.

“Usingoje yakauke kabisa,” mjomba alinionya. Zikibaki lita 30 hivi, hayo humwagwa, maana yamejaa magnesi. Ukiyaacha, chumvi huwa chungu na hushika unyevu.

Oktoba 1997 mvua za Elnino zilitukuta chembe ndiyo kwanza zinatua. Lita 100 za mvua juu ya zile 100 zilitosha kuyeyusha kila chembe. Majuma ya jua yakafutika usiku mmoja, na mvua haikukoma upesi. Mjomba alichota kiganjani, akaonja, akatema.

“Ndiyo bahari ileile,” akasema.