Kadi Kwanza, Kanzu Baadaye: Kuutambua Umri wa Picha za Kale za Lamu

Katika nyumba za Lamu, Pate na Siyu, picha ya mzee aliyevaa kanzu, joho na kilemba husemwa kuwa ya zama za Sayyid Barghash, yaani kati ya 1870 na 1888. Mara nyingi ushahidi pekee ni hayo mavazi. Ninashikilia kuwa utaratibu huo umepinduka. Kwa picha za visiwa hivi, tuanze na kitu chenyewe kilichobeba sura, tufuate kadi iliyobandikiwa, kisha ndipo tuulize nguo.

Picha za mwanzo kabisa hazikuwa za karatasi. Dagerotaipu, iliyotangazwa Paris mwaka 1839, ni bamba la shaba lililopakwa fedha, nalo hung'aa kama kioo: ukiliinamisha, sura hugeuka, peupe pakawa peusi na peusi pakawa peupe. Ambrotaipu ya miaka ya 1850 ni kioo chenye kitu cheusi nyuma yake, nayo haigeuki hivyo. Tintaipu ni bamba jembamba la chuma. Sumaku ikisogezwa karibu huvutwa. Mbili za kwanza huhifadhiwa ndani ya kisanduku chenye kioo cha juu, na kisanduku hicho kisifunguliwe kwa ajili ya uchunguzi, kwani mguso mmoja wa kidole huharibu uso wa dagerotaipu daima.

Pwani yetu ilipigwa picha za aina hiyo mapema. Mfaransa Charles Guillain alisafiri Afrika Mashariki kati ya 1846 na 1848, na dagerotaipu za safari yake zikawa msingi wa michoro aliyoichapisha baadaye. Lakini hizo zilikuwa kazi za msafara, zikaondoka na wenyewe. Anayedai kuwa na dagerotaipu ya ukoo wake Lamu basi ana mzigo mkubwa wa kuthibitisha, na mtihani wa kuinamisha huchukua dakika moja.

Kinachopatikana zaidi ni karatasi. Ile ya albumeni, iliyotengenezwa kwa ute wa yai, ni nyembamba na hujikunja, ndiyo sababu ilibandikwa kwenye kadi. Rangi yake ni hudhurungi inayoelekea zambarau, sehemu za mwanga zimegeuka manjano, na chini ya lenzi ya kukuzia nyuzi za karatasi huonekana. Karatasi ya jelatini, iliyoenea kuelekea mwisho wa karne ya 19, kwa kawaida ina tabaka jeupe linalozificha nyuzi hizo, na unyevu wa pwani huivuta fedha yake hadi juu, ikaacha mng'ao wa buluu kwenye kingo na vivuli.

Tuseme basi tumepewa kadi ya sentimita 10.8 kwa 16.5, nene, yenye rangi iliyokoza na kingo za dhahabu, ikiwa na jina la studio ya A. C. Gomes, Zanzibar. Kipimo hicho kilianza Ulaya mwaka 1866, kwa hiyo haiwezi kuwa ya kabla yake. Unene na dhahabu vinatusogeza kwenye miaka ya 1880 au baadaye. Jina la Zanzibar linatuambia kazi ilifanyika wapi tu. Watu wa Lamu walikwenda huko kwa jahazi, na mwenye sura anaweza kuwa wa popote. Tena shehena ya kadi ilitoka ng'ambo, na studio haikutupa kadi kwa kuwa mtindo umepitwa. Kadi inatupa mwanzo, haitupi mwisho.

Sasa tazama karatasi: ina mng'ao wa fedha kwenye vivuli. Ni jelatini. Mwanamke aliyeketi amevaa kanga yenye maandishi ya herufi za Kirumi. Maandishi ya kanga yalianza kwa herufi za Kiarabu; za Kirumi zilienea karne ya 20. Jambo hili moja linaiondoa picha katika zama za Barghash, hata kama kadi peke yake ingeziruhusu.

Kwa wanaume nguo hutoa msaada mdogo zaidi. Kanzu na kofia hazikubadilika kwa kasi ambayo lenzi ingeweza kuipima, na joho na jambia ni mavazi ya heshima yanayoweza kurithiwa au kuazimwa kwa ajili ya picha. Kwa wanawake buibui lina uzito wake, kwa kuwa lilienea mwanzoni mwa karne ya 20 na kuchukua nafasi ya shiraa, lile hema la kitambaa lililobebwa na watumwa kuwasitiri waungwana njiani. Shiraa lilitegemea utumwa, nao ulifutwa kisheria pwani ya Kenya mwaka 1907. Hata hivyo, shiraa linaweza kutolewa sandukuni kwa ajili ya kamera miaka mingi baadaye.

Kwenye postikadi, maneno yaliyochapwa hushinda nguo: jina British East Africa huashiria kuwa ilichapwa kabla ya Kenya kupewa jina lake mwaka 1920, ingawa picha yenyewe inaweza kuwa ya zamani zaidi.

Kuna mtego mmoja ambao wachunguzi wengi huupita. Picha ya kadi inayoanza kufifia hupigwa picha upya, na nakala hubaki ukutani wakati asili imeliwa na mchwa. Wapiga picha wa baadaye walizoea kutumia sura za zamani katika kazi mpya. Studio ya Omar Said Bakor mjini Lamu ilijulikana kwa picha zilizounganishwa kutoka vipande mbalimbali. Ukiona jelatini nyororo, na ndani yake mkunjo au doa ambalo kidole hakilihisi, unatazama nakala. Andika tarehe mbili: ya karatasi na ya sura, na ueleze kila moja ilitokana na ushahidi gani.