Kwa Nini Bahari Inalevya Watu wa Mtaa, na Vile Utafika Kisite Bila Kutapika

Kila likizo mambo ni yale yale. Mbogi ya Donholm ama Umoja inachanga doo miezi kadhaa, inapanda SGR pale Syokimau, inafika Mombasa ikiwa na nguvu zote. Siku ya pili wanaingia jahazi pale Shimoni kwenda kuona pomboo, na baada ya dakika arobaini nusu ya mbogi imelala chini, macho imefungwa, inaomba irudishwe nchi kavu. Ganji imeenda, pomboo hawajaonekana, na jahazi haligeuzwi juu ya msee mmoja.

Watu wa Pwani wanasema bahari imekulevya. Ile hali ya tumbo kuvuruga kabla ya kutapika wanaiita kigegezi. Si woga, si ushamba, na si ati una tumbo dhaifu. Shida inaanzia kwenye sikio, na ukijua inaanza aje, unaweza kuizuia kabla ifike tumboni.

Sikio inasema hivi, macho inasema vile

Ndani kabisa ya sikio, kupita ile sehemu ya kusikia, kuna kiungo kidogo cha kukupea balansi. Kina mifereji mitatu yenye maji na vijiwe vidogo sana. Ukigeuza kichwa, maji yanasonga. Ukipanda juu ama kushuka, vijiwe vinavutwa. Hapo ndipo ubongo unajua uko wapi hata ukiwa umefunga macho.

Sasa ingia boti. Sikio inaripoti: tunapanda, tunashuka, tunalala upande. Lakini macho yako yanaangalia kiti, sakafu, ama simu, na hizo vitu zinasonga pamoja na wewe. Macho yanaripoti: hakuna kitu inasonga hapa. Ubongo unapata ripoti mbili zinazopingana na hauna njia ya kuamua nani anadanganya. Kichwa kinaanza kuwa kizito, unapiga miayo, jasho baridi linatoka, mate yanajaa mdomoni, halafu unatapika.

Ushahidi kwamba sikio ndiyo mwenye makosa ni huu: watu ambao hicho kiungo cha balansi kimekufa kabisa hawalevywi na bahari, hata mawimbi yakiwa makubwa aje. Lakini kipofu anaweza kulevywa vizuri sana.

Mbona nganya ya Jogoo Road hainifanyi hivyo?

Swali poa. Nganya inakurusha kila dakika, lakini inakurusha haraka haraka na kwa ukali. Mwili hauchukii hiyo sana. Kitu mwili unachukia ni kupanda na kushuka polepole, kama mara moja kila sekunde tano. Na huo ndio mwendo wa mawimbi marefu ya bahari wazi. Ndiyo maana msee amezoea kusimama mlangoni mwa mat miaka kumi na bado bahari inamwangusha.

Nahodha naye mbona yuko fiti? Moja, amezoea. Mbili, anaona wimbi likikuja, kwa hivyo ubongo wake unajua mwendo kabla ufike. Hiyo ndiyo siri utaiba hapa chini.

Feri ya Likoni si shida

Wengi wanaogopa Likoni bure. Kivuko ni kifupi, kama dakika kumi hivi, na feri ni pana na nzito ndani ya mlango wa bandari wenye maji yaliyotulia. Ukisikia vibaya pale, mara nyingi ni joto, msongamano na moshi wa magari. Simama mahali upepo unapita, basi. Likoni isikupe kiburi lakini, na isikupe uoga. Haikuambii chochote kuhusu bahari wazi.

Kusi na ile saa ya kwanza

Kitu ya kwanza ya kuangalia ni kalenda. Pwani yetu inaendeshwa na pepo mbili. Kusi inavuma kutoka kusini kuanzia kama Aprili hadi Septemba, na Juni mpaka Agosti ndiyo inakuwanga kali. Kaskazi inakuja kama Novemba hadi Machi. Katikati ya hizo mbili, haswa Machi na Oktoba hadi Novemba, bahari hutulia. Likizo ya Agosti kwa hivyo inakuangukia ndani ya kusi. Kama unaweza kusongesha tripu, songesha. Kama huwezi, asubuhi mapema ndiyo saa yako, juu upepo kawaida unaongezeka jua likipanda.

Chukua ile tripu ya Shimoni kwenda Kisite. Ukitoka gatini uko kwenye mkondo kati ya bara na kisiwa cha Wasini. Kisiwa kinakukinga, maji ni shwari, kila mtu anapiga selfi. Hapa ndipo watu wanadanganyika. Ukimaliza kuzunguka kisiwa unaingia bahari wazi, na mawimbi ya kusi yanakuja bila kizuizi. Kama ulikuwa unangoja usikie vibaya ndiyo ujipange, umechelewa.

Ipange hivi.

Usiku wa kuamkia tripu, wacha keroro. Pombe inaingia hadi kwenye maji ya kile kiungo cha sikio na inakaa huko masaa mengi, hata baada ya kichwa kuwa wazi. Ukienda baharini na hangova, sikio tayari inadanganya kabla hata injini iwashwe.

Mangware, kula, lakini kidogo: mkate mkavu, ndizi, ama chapati moja bila mafuta mengi. Tumbo tupu linatapika vibaya kuliko tumbo lenye kitu. Wacha maziwa na mayai ya kukaanga. Na kwenye barabara ya kwenda Shimoni usisome simu ndani ya gari. Kigegezi ya gari na ya boti ni ugonjwa mmoja, kwa hivyo ukianza kuvurugika barabarani utaingia jahazi ukiwa nusu njia.

Ukipanda, usikimbilie mbele kwa sababu ya picha. Mbele ni omo, nyuma ni tezi. Omo ndiyo inapanda na kushuka zaidi, kama ncha ya bembea. Tezi inatulia kidogo lakini kuna moshi wa dizeli, na harufu hiyo pekee inaweza kukumaliza. Kiti kizuri ni katikati, chini, ukielekea nyuma kidogo, upande ambao moshi haukuji. Uso uelekee mahali chombo kinaenda.

Kwenye mkondo tu, kabla ya bahari wazi, weka simu mfukoni. Angalia ule mstari ambapo bahari na mbingu zinakutana, ama kisiwa cha mbali. Huo mstari hausongi, kwa hivyo macho sasa yanaona mwendo ule ule sikio inasikia, na ripoti zinafanana. Wimbi likija, liangalie na uliruhusu likubebe, kama nahodha. Usipigane nalo.

Chombo kikisimama Kisite watu waogelee, jichunge tena. Jahazi lililotia nanga linayumba kuliko likitembea, na wengi ambao wamevumilia njia yote wanatapika hapo. Kama unajua kuogelea na uko na jaketi la kuelea, kuingia majini mara nyingi kunasaidia. Kama huingii, kaa pale pale katikati, macho mbali.

Dawa: inafanya, lakini si saa yoyote

Kosa kubwa ya watu ni kununua dawa na kuiweka mfukoni "in kesi". Tumbo likishaanza kigegezi linaacha kusukuma vitu chini vizuri, kwa hivyo kidonge kinakaa hapo halafu kinatoka na matapishi. Dawa ni ya kabla.

Kemisti nyingi ziko na sinarizini, ambayo wengi wanaijua kama Stugeron. Kidonge cha miligramu 25 kinywewe saa moja ama mbili kabla ya kupanda. Nyingine ni promethazini, yaani Phenergan: miligramu 25 usiku kabla ya kulala. Hii inalaza sana, na unaweza kuamka bado uko kwenye usingizi. Chagua moja, usichanganye, na usiongeze pombe juu yake. Usiendeshe gari wala boda siku hiyo. Kama una mimba, una presha ya macho, una shida ya kukojoa, unabeba mtoto mdogo ama unakunywa dawa zingine, ongea na mfamasia kwanza umwambie ukweli wote.

Tangawizi je? Inasaidia wengine kidogo, haswa kigegezi chepesi. Tafuna kipande ama kunywa chai ya rangi yenye tangawizi nusu saa kabla. Usiitarajie ishinde kusi ya Julai peke yake.

Na ukitapika?

Basi tapika, usizuie. Usiende omo na usishuke kwa choo kilichofungwa, huko utaongeza. Uliza baharia upande wa demani ni upi. Huo ndio upande upepo unaenda. Upande upepo unatoka ni joshini, na ukitapikia joshini itarudi yote kwa uso wako na wa jirani. Kama bahari ni kali usiiname nje ya chombo. Tumia mfuko, na jaketi la kuelea libaki limefungwa.

Ukimaliza utasikia nafuu, lakini kwa muda tu. Tumia hiyo nafasi: lala chali katikati ya chombo, kichwa kisisonge, funga macho. Kama huwezi kuona mstari wa bahari, kufunga macho ndiyo njia ya pili, juu angalau ile ripoti ya uongo inanyamaza. Kunywa maji funda moja moja. Ukifika nchi kavu na umetapika sana, kunywa ORS, ama changanya lita moja ya maji safi na vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi.

Usishtuke ukilala usiku ukisikia kitanda kinayumba. Ubongo ulikuwa umeanza kuzoea boti, sasa unazoea keja tena. Inaisha ndani ya masaa, ama siku moja au mbili. Lakini mtu akikaa siku nzima hawezi kushikilia hata maji, mkojo umekuwa mweusi ama haupo, ama anaongea vitu haieleweki, hiyo si bahari tena. Mpeleke hospitali.

Na kama mbogi inapanga ile kubwa ya Dar hadi Zanzibar, sheria ni zile zile kwa masaa kama mawili. Tofauti ni moja: usijifungie ndani kwa eyakondishena mahali huoni nje. Tafuta kiti cha katikati karibu na dirisha, ama simama nyuma kwenye hewa kama mabaharia wanaruhusu, na uangalie mbali.