Chakula cha ziada kwa mama anayenyonyesha

Chakula cha ziada kwa mama anayenyonyesha ni kile anachokula juu ya milo yake ya kila siku ili kufidia nguvu inayotoka mwilini pamoja na maziwa. Ushauri unaotolewa kliniki ni milo mitatu ya kawaida na asusa mbili kati yake. Kwa hesabu ya lishe, asusa hizo mbili ziwe na takribani kilokalori 500 kwa siku.

Kiasi hicho kinatokana na maziwa yenyewe. Mtoto anayenyonya maziwa ya mama pekee hupata karibu robo tatu ya lita kwa siku, yaani vikombe vitatu vya robo lita. Maziwa hayo yana takribani kilokalori 500, lakini kuyatengeneza nako kunakula nguvu, hivyo mwili wa mama hutoa zaidi ya 600. Sehemu ya deni hilo hulipwa na mafuta aliyojiwekea wakati wa ujauzito, na ndiyo maana mama wengi hupungua taratibu, nusu kilo hivi au zaidi kidogo kwa mwezi. Linalobaki lazima litoke kwenye sahani. Mama aliyejifungua akiwa amekonda hana akiba hiyo, kwa hiyo yeye huhitaji karibu kilokalori 675 za ziada, sawa na kuongeza asusa ya tatu.

Kosa la kawaida limo ndani ya kikombe cha uji. Mzazi huletewa uji mara nne au tano kwa siku, na wote nyumbani huamini amekula sana. Kikombe cha robo lita kilichopikwa kwa vijiko viwili vya mezani vya unga wa mahindi na kijiko cha chai cha sukari kina kilokalori 85 tu hivi. Ili afike 500 ingembidi anywe vikombe sita, na tumbo lingejaa maji kabla ya mchana. Uji mwepesi hutiririka kutoka kwenye kijiko kama chai, ilhali ule wenye kitu hushuka polepole na kuacha utando mgongoni mwa kijiko.

Uji uleule huweza kurekebishwa hivi. Asubuhi, kati ya chai na chakula cha mchana, pika kikombe kimoja kwa vijiko vitatu vya mezani vya unga vilivyojaa. Weka nusu kikombe cha maziwa badala ya sehemu ya maji, kisha koroga kijiko kimoja cha mezani cha karanga zilizosagwa. Hapo pana takribani kilokalori 275. Karanga zilizoota ukungu zitupwe, kwa kuwa sumukuvu iliyomo hupita hadi kwenye maziwa ya mama. Alasiri, mama ale kiazi kitamu kimoja cha wastani kilichochemshwa na nusu kikombe cha maharage yaliyoiva, ambavyo kwa pamoja hutoa kama 225. Siku hiyo imetimia. Pasipo kiazi na maharage, konzi moja ya karanga (kilokalori 170 hivi) na nusu ya ndizi mbivu huziba pengo lilelile, na nusu ya parachichi hutoa karibu 160. Kijiko cha mezani cha mafuta kwenye mboga huongeza 120 bila kulijaza tumbo, jambo linalomfaa mama asiye na hamu ya kula.

Pwani mzazi hupewa uji wa pilipili manga, na Uchagani hupikiwa mtori. Vyote viwili ni vyakula vizuri, ila katika uji ule nguvu hutoka kwenye unga, maziwa na sukari. Pilipili huleta ladha na joto. Vivyo hivyo kunywa maji kupita kiu hakuongezi maziwa. Kinachoyaongeza ni mtoto kunyonya mara kwa mara, usiku na mchana.

Mama akila kidogo, maziwa hayakatiki upesi, na hapo ndipo watu hudanganyika. Mtoto huendelea kunenepa huku mama akilipa kwa mwili wake: nguo zinampwaya, anachoka kabla ya kazi kwisha, na mkono wa juu unapungua. Kituo cha afya huupima mkono huo kwa utepe, na programu nyingi humwingiza mama kwenye huduma ya lishe mzunguko ukiwa chini ya sentimita 23 au 21, kutegemea mwongozo unaofuatwa.

Mtoto akifikisha miezi sita na kuanza kula, maziwa anayonyonya hupungua kidogo kidogo, lakini asusa zisiondolewe kwa mkupuo. Mama anayenyonyesha mapacha huhitaji nyongeza hiyo karibu mara mbili.